Ampuli imepasuka sakafuni penye damu: nianze na nini?

"Ampuli ya oksitosini imeanguka na kupasuka sakafuni chumba cha kujifungulia, na hapo hapo pana damu. Niokote vioo kwanza au nifute damu kwanza?"

Usiokote kwa mkono hata ukiwa na glovu. Kioo cha ampuli hukata glovu kama karatasi. Mimi nafunika pote kwa kitambaa kinachonyonya, namwagia klorini ya 0.5%, nasubiri dakika 10. Kisha vioo vinazolewa kwa vipande viwili vya katoni ngumu, vinakwenda kwenye boksi la sindano, si ndoo ya pamba. Mwisho napangusa tena kwa klorini. Wapo wanaotoa vioo kwanza kwa koleo. Sibishani nao, mradi si vidole.

Kaka aliyesema umwage jiki yupo sawa nusu. Jiki ndiyo klorini, ila haimwagwi bila maji: chupa iliyoandikwa 3.5% huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kupata hiyo 0.5%, na huchanganywa upya kila siku. Hapa kwetu Rungwe, kwa baridi hii, madirisha hufungwa. Fungua kabla ya kumwaga, maana harufu yake hubana kifua.

Dada wa Mafinga, wewe ulichomwa na sindano, hilo ni jingine. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie mganga mfawidhi leo hii. Dawa za kinga ya VVU zina maana ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Boksi lenu lilikuwa limejaa? Likifika robo tatu, lifungwe.