Kwa nini ZrW₂O₈ husinyaa ikipashwa joto

"Mwalimu anasema atomi zikitetemeka zaidi kitu hutanuka. Mbona ZrW₂O₈, kampaundi ya zirkoni, tungsteni na oksijeni, inasinyaa?"

Ndugu, mtetemo mkubwa peke yake hautanui kitu. Kama nguvu inayorudisha atomi ingekuwa sawa pande zote mbili, wastani wa umbali usingebadilika. Ila kuzisukuma atomi zikaribiane ni kugumu kuliko kuzitenganisha, kwa hiyo joto likipanda wastani huo huongezeka. Ndivyo chuma kinavyotanuka.

Kwenye ZrW₂O₈, oksijeni inayounganisha zirkoni na tungsteni hutetemeka kwenda ubavuni, kama kamba ya nguo inayovutwa katikati: ncha mbili husogeleana. Husinyaa hivyo hadi karibu 1050 K. Ukiipima maabara, usiigandamize: shinikizo la takriban 0.2 GPa hubadilisha muundo wake, na kusinyaa kunapungua sana.