Njegere za friza, nyanya ya kopo na mchicha wa jioni: majibu ya maswali yenu

Dada, mume wangu anasema njegere za friza za supamaketi ni makapi, vitamini zilishakufa kwenye barafu. Mimi nanunua kwa kuwa zimeshamenywa. Nani ana haki? — Mama watatu, Nyegezi

Haki ni yako, ingawa shemeji naye hakukosea kote. Vitamini C kweli imepungua kwenye zile njegere, ila barafu haina hatia. Ilipungua kiwandani kabla ya kugandishwa, kwa sababu njegere hupitishwa kwanza kwenye maji ya moto au mvuke kwa dakika moja au mbili. Joto lile linaua vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuila mboga hata ikiwa kwenye baridi. Humo ndimo vitamini C na zile za jamii ya B zinapochukuliwa na maji. Baada ya hapo, kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, upotevu unakuwa wa polepole sana, wa miezi na si wa siku.

Sasa tutazame hizo mbichi anazozisifia. Njegere hupenda baridi ya milimani, kwa hiyo nyingi tunazoziona Soko Kuu zimesafiri mbali. Zikifika zinamenywa, zinatiwa kwenye vifuko vya nailoni na kukaa mezani kwenye joto la Mwanza, nyuzi 28 mchana. Njegere iliyochumwa bado inapumua, na katika kupumua huko inakula sukari yake na vitamini C yake. Ndiyo maana njegere ya siku ya tatu haina utamu. Ikimenywa mambo yanakwenda kasi zaidi, maana ganda ndilo lililokuwa linaikinga.

Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba gramu 100 za njegere mbichi zina vitamini C miligramu 40, na za friza 18 hivi. Shemeji akiishia hapo, ameshinda. Lakini hakuna anayekula njegere mbichi na wali. Zikishachemshwa, zile mbichi zinabaki na miligramu 14 na za friza 10. Hiyo 14 nayo ni ya njegere iliyopikwa ingali mpya, si ya ile iliyoshinda mezani tangu juzi. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, kwa hiyo mnagombania miligramu nne, na kipande kidogo cha pera kinazizidi. Folati, ambayo ni vitamini nyingine ya jamii ya B, inakaribiana sana, madini ya chuma ni miligramu moja na nusu huku na huku, na protini hazitofautiani kwa kiasi cha kujadili.

Ushauri wangu ni wa jikoni tu. Usiziyeyushe mezani wala kuzichemsha peke yake na kumwaga maji. Zimwage kwenye mchuzi zikiwa bado na barafu, dakika tano za mwisho. Zilishapikwa nusu, hazihitaji zaidi.

Basi na mchicha nao ni bora ninunue wa friza? Huu wa gengeni jioni huwa umeshalala. — Kijana wa kupanga, Mabatini

Hapana, kaka. Hapa jibu linageuka, kwa sababu mchicha haukusafiri. Unalimwa mabondeni humuhumu mjini na kandokando ya ziwa, na unaweza kufika genge la mtaani kwako saa chache tu baada ya kung'olewa. Mboga ya karibu namna hiyo haishindwi na ya friza.

Adui wake ni muda. Jani ni pana na jembamba, linakauka na kuoza upesi kuliko njegere au karoti. Spinachi, ambayo ni ndugu yake, imepimwa mara nyingi: ikikaa siku saba kwenye friji ya nyuzi 4 hupoteza karibu robo tatu ya vitamini C, na kwenye joto la nyuzi 20 huimaliza yote. Chumba chako cha Mabatini kina joto kuliko hapo. Kwa hiyo fungu la mchicha lililokaa siku tatu chini ya kitanda usilihesabu kama chanzo cha vitamini C. Betakarotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haina haraka hivyo ya kuondoka, na madini yako palepale.

Kuhusu kulala, usidanganywe na maji. Muuzaji akinyunyizia, jani linasimama tena, na hakufanya vibaya kwa sababu unyevu unalichelewesha kunyauka. Tazama mahali shina lilipokatwa. Likiwa jeupe na bichi, ni la leo. Likiwa la kahawia na limekauka, limelala. Majani ya chini yakianza unjano, limelala zaidi ya mara moja. Kama unarudi usiku kila siku, nunua asubuhi kabla ya kazi, au soma swali linalofuata.

Shikamoo mama. Nina friza ya kuuzia samaki na barafu, nafasi ipo. Nataka nigandishe matembele na mchicha wakati wa mvua ambapo bei iko chini. Niliwahi kujaribu, vikatoka vyeusi vyenye harufu ya nyasi. Nilikosea wapi? — Mfanyabiashara, Igombe

Marahaba, mwanangu. Uliziweka mbichi. Vile vimeng'enya nilivyovitaja juu havifi kwa baridi, vinapunguza mwendo tu. Baada ya wiki kadhaa vimeshakula rangi, harufu na vitamini.

Fanya hivi. Chambua, osha, katakata upendavyo. Chemsha maji mengi, lita nne kwa kila nusu kilo ya majani, yachemke hasa. Tumbukiza majani na anza kuhesabu maji yanapochemka tena: dakika mbili zinatosha. Ukitia mboga nyingi kwenye maji machache, itachukua muda mrefu kuchemka tena, na mboga itaiva badala ya kushtuliwa na moto. Watu wengi wanaharibu hapo.

Toa mara moja, zamisha kwenye beseni la maji yenye barafu, ambayo wewe unayo tele. Iache humo dakika mbili, ipoe hadi ndani, kisha ikamue kwa mikono. Gawa kwa mafungu ya kupika mara moja, tia kwenye mifuko, toa hewa, uilaze bapa. Mfuko bapa unaganda upesi, na kadiri unavyoganda upesi ndivyo vipande vya barafu ndani ya jani vinavyokuwa vidogo na jani linavyobaki na umbo. Andika tarehe. Ikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, itakufaa kwa miezi minane au zaidi. Itengee kona iliyofungwa vizuri, mbali na samaki. Harufu ya sato haisameheki kwenye matembele.

Na tafadhali, usitie magadi kwenye yale maji ili kijani kikae. Kijani kitakaa kweli, lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1. Afadhali mboga iliyofifia kidogo.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa hukaa na baridi yake kama siku mbili ikiwa imefungwa, iliyo nusu kama siku moja. Mfuko ukiwa bado na chembe za barafu ndani, unaweza kuurudisha. Ukishakuwa wa uvuguvugu, usiurudishe.

Na hata ukifanya yote sawasawa, sehemu kubwa ya vitamini C itakwenda na maji ya kuchemshia. Unachohifadhi hasa ni betakarotini, chuma, kalisi na nyuzinyuzi. Kwa msimu wa kiangazi ambapo fungu la mchicha linapanda bei, hilo si jambo dogo. Vitamini C itafute kwenye embe, chungwa au papai.

Madini nayo yanapungua kwenye friza na kwenye kopo? — Mwanafunzi, Butimba

Madini ni kama mawe ya Bismarck, huwezi kuyaunguza wala kuyagandisha yakatoweka. Yanaweza tu kuhama kutoka kwenye mboga kwenda kwenye maji. Kwenye friza hayana pa kwenda. Kwenye kopo, potasiamu na magnesi kidogo huingia kwenye maji ya humo humo, na ukiyamwaga umeyamwaga.

Nyanya ya kopo haina kitu, si ndiyo? — Mpishi wa mama ntilie, Kirumba

Ina kitu. Nyanya ina uchachu, na uchachu hulinda vitamini C wakati wa joto, kwa hiyo nyanya ya kopo hubaki na kiasi kizuri kuliko karoti za kopo, ambazo karibu zote huwa zimeipoteza. Likopeni, ile rangi nyekundu, mwili huipata vizuri zaidi kwenye nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo kuliko kwenye kachumbari. Ila nyanya mbichi za Mwanza zikiwa nyingi na bei chini, sioni sababu ya kununua kopo. Zikiadimika, nunua bila aibu, na usome kama wametia chumvi kabla hujatia ya kwako.

Mama yangu ana presha na anapenda maharage na njegere za kopo kwa kuwa ni laini. Nimkataze? — Binti yake, Igoma

Usimkataze, mpunguzie chumvi. Gramu 100 za njegere za kopo za kawaida zina sodiamu kama miligramu 250, wakati mbichi zilizochemshwa bila chumvi hazifiki kumi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku, kwa hiyo kopo moja linakula sehemu kubwa ya hesabu hiyo kabla ya ugali. Mwaga maji ya kopo, suuza kwenye chujio chini ya bomba na uache yachuruzike. Maharage ya kopo yakifanyiwa hivyo hupoteza karibu asilimia 40 ya sodiamu. Utapoteza pia vitamini B kidogo na potasiamu kidogo, na kwa mwenye presha bado nakushauri usuuze. Kama figo zake zina shida, muulize daktari wake kwanza kuhusu kiasi cha maharage chenyewe.

Angalia pia orodha ya viungo kwenye lebo. Makopo mengine ya njegere ni njegere kavu zilizolowekwa tu, na hizo hazikuwa na vitamini C ya maana hata kabla ya kuingia kiwandani. Kwa bei ya kopo hilo, unaweza kununua njegere kavu kilo nzima ukaziloweka usiku na kuzichemsha mpaka zilainike, bila chumvi ya mtu.

Kopo la mahindi limevimba kidogo juu, tarehe bado. Nikilichemsha sana itakuwa salama? — Baba, Buhongwa

Usilifungue, usilionje, usimpe hata mbwa. Kuvimba ni gesi ya vijidudu, na mmojawapo hutoa sumu inayolegeza misuli ya kupumua bila chakula kuwa na harufu mbaya wala ladha ya ajabu. Lifunge kwenye mfuko na ulitupe mahali ambapo watoto hawatalifikia. Mbonyeo mdogo ubavuni hauna neno, lakini ukiwa kwenye mshono wa kopo, au pakiwa na kutu iliyochimba, nalo litupe.