Oksaloasetati huchotwa wapi?

"Kama oksaloasetati inarudi mwisho wa kila mzunguko wa Krebs, kwa nini iongezwe?"

Ndugu, aliyetangulia kujibu amepatia nusu: mzunguko wenyewe hauimalizi, kwa kuwa kaboni mbili huingia na asetili-koA na mbili hutoka kama kabonidioksidi. Upungufu hutokana na kuchotwa, kwani ini la mtu aliyefunga hupeleka oksaloasetati kwenye utengenezaji wa glukosi, na asetili-koA itokanayo na mafuta, hata ikiwa nyingi kiasi gani, haiwezi kufidia pengo hilo. Kinachofanyika ni kwamba asetili-koA hiyo inayorundikana huamsha kimeng'enya cha piruvati kaboksilesi, ambacho kwa msaada wa bayotini na kwa gharama ya ATP moja huunganisha piruvati yenye kaboni tatu na bikabonati, ikapatikana oksaloasetati ya kaboni nne.

Dada wa Magu mwenye ng'ombe aliyezaa juzi, swali lako kuhusu harufu ya pumzi yake ni jingine, ila lina undugu na hili: ng'ombe hutegemea zaidi propionati inayotengenezwa tumboni, nayo huingia katikati ya mzunguko kama saksinili-koA, kwa msaada wa vitamini B12. Akipunguza kula huku maziwa yakidai glukosi, pumzi yake huweza kunuka asetoni. Kama uhaba wa oksaloasetati pekee unatosha kulieleza hilo, bado kuna ubishi.