Bollinger ilisema bei imevunja, Keltner ikakataa: somo lililokula theluthi ya akaunti yangu

Juma lililopita msomaji mmoja alinitumia picha ya chati yake pamoja na swali: "Kaka, mshumaa ni uleule, lakini Bollinger inaniambia bei imeshatoka nje na Keltner inaniambia bado iko katikati. Nimwamini nani? Mimi nimeshanunua."

Bollinger na Keltner zote ni mikanda inayochorwa juu na chini ya bei kwenye chati, na bei ikitoka nje ya mkanda wengi huichukua kama ishara ya mwendo mpya. Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu kabla ya kuujibu, maana swali hilohilo lilinila theluthi ya akaunti yangu, na sikupata mtu wa kunijibu.

Nilikuwa nimelipia kundi la mafunzo. Mwalimu wetu alitupa kanuni mbili tu. Mshumaa ukifunga juu ya mkanda wa juu wa Bollinger, nunua. Bei ikirudi ndani ya mkanda, toka, kwa sababu mvunjo umeshindwa. Nilizifuata kwa miezi minne bila kukosea hata oda moja. Kwenye soko tulivu nilinunua, bei ikarudi, nikatolewa kwa hasara. Kwenye trendi nzuri nilitoka mapema, kisha nikakaa kuitazama bei ikipanda siku kumi na tano bila mimi. Nilipouliza, nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba sina nidhamu. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nidhamu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kujua mikanda ile imetengenezwa kwa kitu gani, na hilo hakuna aliyetufundisha.

John Bollinger, aliyeibuni mikanda hiyo miaka ya 1980, alichukua wastani wa bei 20 za mwisho za kufunga, kisha akapima bei hizo zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani huo. Kipimo hicho ni mkengeuko sanifu, na mkanda huwekwa mikengeuko miwili juu na miwili chini. Kinachoingia kwenye hesabu ni bei za kufunga peke yake. Tambi za mshumaa, yaani juu na chini bei ilikofika bila kufunga huko, hazihesabiki.

Keltner ni ya zamani zaidi. Chester Keltner aliieleza mwaka 1960 kwa wastani wa siku 10. Toleo tunalotumia leo lina EMA ya vipindi 20 katikati, yaani wastani unaozipa bei za karibuni uzito zaidi, na upana wake hutoka kwenye ATR, kipimo cha Welles Wilder cha mwaka 1978. ATR inauliza swali jingine kabisa: kwa kawaida mshumaa mmoja hutembea umbali gani toka juu hadi chini, pamoja na pengo kama bei iliruka toka ilipofunga jana?

Sasa chukua soko lililolala. Kwa siku 19 bei inafunga leo 99.9, kesho 100.1, lakini kila siku inapanda na kushuka umbali wa pointi 1 kabla ya kufunga. Mkengeuko sanifu ni 0.1 tu, kwa hiyo Bollinger imebana kati ya 99.8 na 100.2. ATR ni 1, na Keltner ya ATR mbili imekaa kati ya 98 na 102. Siku ya 20 bei inafunga 100.6. Ukiiingiza bei hiyo kwenye hesabu, mkanda wa juu wa Bollinger unasogea hadi karibu 100.36, na bado bei imefunga juu yake. Ishara ya kununua hiyo! Lakini bei imesogea 0.6 kutoka katikati, kwenye soko ambalo hutembea pointi 1 kila siku. Keltner haijatikisika, na ina haki.

Kuna jambo baya zaidi hapo. Bei 19 zikifunga mahali pamoja kabisa, bei ya 20 ikisogea hata kidogo itatoka nje ya Bollinger, kwa sababu mkanda unafika karibu nusu tu ya umbali wa mruko huo, uwe mdogo au mkubwa. Kwa hiyo, soko likilala, kuvunja Bollinger hakukuelezi ukubwa wa mwendo. Kunakueleza tu kwamba bei za kufunga zilikuwa zimekaribiana. Mimi nilikuwa nanunua hapo, nikiweka kikomo cha hasara pale 100, yaani ndani ya matembezi ya kawaida ya siku moja. Ningewezaje kutotolewa?

Upande wa pili ndio ulionifungua macho zaidi. Chukua soko linalopanda pointi 1 kila siku kwa muda mrefu, ATR ikiwa 1.2. Wastani wa bei 20 uko pointi 9.5 nyuma ya bei ya leo, na EMA ya 20 nayo iko nyuma kiasi hichohicho. Mkengeuko sanifu wa bei hizo 20 ni 5.77. Mara mbili ni takribani 11.5, kwa hiyo mkanda wa juu wa Bollinger uko pointi 2 juu ya bei. Trendi imenyooka kama mstari, na bei haigusi mkanda! Bollinger haitofautishi kupanda na kuyumba: bei za kufunga zikiachana, yenyewe inahesabu ni mtawanyiko na inapanuka. Keltner imepanuka 2.4 tu toka katikati, hivyo bei iko zaidi ya pointi 7 juu ya mkanda wake wa juu, na inabaki nje siku zote za trendi hiyo.

Ndiyo maana kanuni ya pili ya mwalimu ilikuwa inatuumiza. Trendi inapoanza, bei hutoka nje ya Bollinger, kisha mkanda hupanuka na kuimeza. Bei haijarudi popote, ni mkanda uliosogea. Nami nilikuwa natoka nikiamini mvunjo umeshindwa.

Siku hizi, soko likiwa tulivu, ishara ya Bollinger siifanyii kazi hadi nipime bei imefunga ATR ngapi kutoka katikati. Chini ya ATR moja, naiacha. Nikishaingia, kurudi ndani ya Bollinger hakunitoi. Naangalia kama bei bado inafunga nje ya Keltner. Mwezi uliopita nilikaa ndani ya trendi moja siku 17 kwa njia hii, na kusema kweli nilijivunia. Gharama yake naijua: Keltner huchelewa, na mwanzo wa mwendo nakosa sehemu. Nimekubali.

Kagua pia mipangilio yako kabla ya kubishana na mtu. Programu moja inaweza kutumia ATR ya vipindi 10 na nyingine ya 20, kizidisho kikawa 1.5 au 2, na mshumaa uleule ukawa nje kwako na ndani kwa mwenzako. Na usimalize hukumu kabla mshumaa haujafunga, kwa sababu mkanda wa Bollinger unasogea pamoja na bei hadi dakika ya mwisho.

Nikarudi kwenye picha ya msomaji wangu, nikapima. Mshumaa wake ulifunga nusu ya ATR juu ya mstari wa katikati, na kikomo chake cha hasara kilikuwa nusu ya ATR chini ya bei aliyonunulia, palepale katikati. Nikamwandikia namba hizo mbili na jinsi ya kuzipima mwenyewe. Kesho yake alijibu kwamba bei ilishuka ikagusa kikomo chake asubuhi, ikapanda tena, na jioni ikafunga karibu palepale alipokuwa amenunua.