"Hujanitumia" na "hazijanifikia": kumwandikia mwenzako aliyepitisha siku

Wewe uliyeanza kazi ya uhasibu juzi, ipo barua pepe moja utakayoiandika kila mwezi upende usipende: ya kumuuliza mtu wa manunuzi zilipo risiti. Ritani ya VAT inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na bila risiti za EFD huwezi kudai kodi mliyolipa kwenye manunuzi. Kwa hiyo ikifika tarehe 15 na meza yako tupu, joto linapanda, na vidole vinaandika kabla kichwa hakijafikiri.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika hivi, nakala kwa bosi:

"Mbona hujanitumia risiti za mwezi uliopita? Nilikuambia nazitaka Jumatano. Unajua kabisa tarehe 20 ni mwisho. Unatuchelewesha."

Hakuna tusi hapo, na kila sentensi ilikuwa kweli kwa nilivyojua. Kumbe yule kaka alikuwa ameziweka kwenye bahasha Jumanne na kumpa dereva, na bahasha ilikuwa imelala mapokezi chini ya magazeti. Alinijibu kwa maneno mawili, "Zipo mapokezi", na kwa muda wa miezi miwili hivi kila nilichomuomba kilinifikia siku ya mwisho kabisa. Haki yake.

Siku hizi nikiisoma naona kosa lilikaa kwenye vitenzi. Hesabu mwenyewe: hujanitumia, nilikuambia, unajua, unatuchelewesha. Kila kimoja kinamnyooshea kidole yeye, na hicho cha mwisho ndicho kibaya zaidi. Risiti "zikichelewa", huenda ni foleni, huenda ni dereva. Ukisema mtu "anachelewesha", umeshatoa hukumu. Na "mbona" si swali la kutaka kujua. Anayeulizwa "mbona" anaanza kujitetea, hata mtoto nyumbani anajua hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, mimi hubadilisha mtenda. Badala ya "hujanitumia risiti", naandika "risiti hazijanifikia". Sijadanganya, maana kweli hazijanifikia. Ila nimeacha nafasi ya bahasha ya mapokezi. Barua ile ile leo ningeiandika hivi, Alhamisi asubuhi, kwake peke yake:

"Habari za asubuhi kaka. Risiti za EFD za manunuzi ya mwezi uliopita bado hazijanifikia. Tulikubaliana Jumatano, nikadhani huenda zimekwama njiani au kuna duka halijatoa. Ritani natakiwa kuituma kabla ya tarehe 20, kwa hiyo naomba zilizopo nizipate kesho Ijumaa kabla ya saa 10 jioni, hata kama hazijakamilika. Kama kuna duka linalokusumbua niambie, nitawapigia mimi. Asante."

Angalia kilichobaki. Jumatano ipo, ila imekuwa "tulikubaliana" badala ya "nilikuambia". (Kama hamkukubaliana, usiandike hivyo, atakumbuka.) Tarehe 20 ipo, na sasa ni mzigo wangu mimi ninayetuma ritani, si fimbo ya kumchapia. Na "zilizopo" inamfungulia mlango mtu mwenye risiti 14 kati ya 16 aliyekuwa anaona aibu kuleta pungufu.

Wageni wengi wakishaambiwa walainishe, wanazidisha. Wanaandika salamu mistari mitatu, "samahani kwa usumbufu", kisha "ukipata nafasi naomba unisaidie zile risiti". Mtu wa manunuzi hana nafasi mwaka mzima. Ukimwachia aipate, tarehe 20 itakukuta unasubiri. Lainisha namna unavyomtaja yeye, lakini siku na saa viache vigumu. Saa nayo iandike pamoja na "asubuhi" au "jioni", maana "saa 10" tupu kuna atakayeisoma kwa saa ya simu akadhani ni saa nne asubuhi. Na usiandike "mwisho wa siku". Kwako ni saa 11 jioni, kwa mwingine ni kabla ya kulala.

Kama unayemwandikia ni mzee wa stoo anayelingana na baba yako, anza na "Shikamoo mzee", hata kwenye barua pepe. Mimi humpigia kwanza au nashuka stoo mwenyewe, kisha naandika mistari miwili ya kukumbushia tulichokubaliana.

Nakala kwa bosi inabaki, lakini si barua ya kwanza. Ikifika tarehe 18 na nimeshauliza mara mbili bila jibu, namwambia mwenyewe kabla: "Kaka, leo itabidi nimjulishe bosi kwamba ritani itaondoka bila risiti zako, ili asishtuke akiona kodi ya kulipa imekuwa kubwa." Mara nyingi bahasha inafika kabla sijamaliza kuandika kwa bosi.