EPSG 4326, 32737, 21037... nichague ipi? Kiwanja kinahama kwenye ramani

"Wakuu, nina koodineti za bikoni za kiwanja changu Kibaha nimezitoa kwenye ramani ya upimaji, nikaziandika Excel nikazipeleka QGIS. Inaniuliza CRS na kuna kodi za EPSG kibao. Nikiacha 4326 sioni kitu, nikiweka 32737 zinatokea ila kiwanja kinakaa juu ya nyumba za watu, sio pale kilipo. Hizo EPSG ni nini hasa na niweke ipi?"

Mkuu, weka EPSG:21037 alafu angalia tena. Asilimia kubwa ya ramani za zamani za upimaji nilizopitisha mikononi huku Pwani na Dar tatizo lao linaishia hapo. Ila ngoja nieleze kwa nini, maana kesho utaletewa faili la Mwanza namba hiyo isikusaidie chochote.

EPSG lilikuwa kundi la wapima wa makampuni ya mafuta Ulaya, European Petroleum Survey Group, waliotengeneza orodha ya mifumo ya koodineti na kila mfumo wakaupa namba yake. Kundi lilishamezwa tangu 2005 na chama cha wazalishaji wa mafuta na gesi, hawa wanaoitwa IOGP siku hizi, jina ndo limebaki. Kwahiyo 21037 ni namba ya orodha tu, haupimi nayo kitu. Nyuma yake kuna majibu ya maswali matatu: dunia imechukuliwa kuwa na umbo gani na limefungwa wapi (hii ndo datum), namba zako ni digrii au mita, na kama ni mita zinahesabiwa kuanzia wapi.

Sasa kabla hujagusa orodha ya QGIS, ziangalie namba zenyewe. Tuseme bikoni yako moja ni E 491200 na N 9251400. Digrii haziwezi kuwa kubwa hivyo, mwisho wake ni 180, ndo maana 4326 ilikuonyesha patupu, kwasababu 4326 ni WGS 84 kwa digrii, ile ya simu na GPS. Yako ni mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande vinavyoitwa zoni. Zile milioni tisa zinakuambia uko kusini ya ikweta, maana kusini UTM inaipa ikweta mita 10,000,000 alafu inapunguza kadri unavyoshuka, na laki nne tisini zinakuambia uko kama kilomita 9 magharibi ya mstari wa katikati wa zoni yako, mstari ambao siku zote umepewa 500,000.

Zoni sasa. Kila moja ina upana wa digrii 6, na zoni 37 inaanzia digrii 36 mashariki mpaka 42, kwahiyo Kibaha, Dar, Morogoro, Arusha, hata Nairobi zimo. Dodoma watu wengi wanakosea, mji uko digrii 35 na kitu, ni zoni 36 pamoja na Mwanza na Mbeya. Kigoma mjini ni 35. Ukishajua zoni, kodi zinajipanga zenyewe: WGS 84 kusini ni 327 ikifuatiwa na zoni, kaskazini ni 326 na zoni, na Arc 1960, datum ya hizo ramani za zamani za upimaji, kusini ni 210 na zoni. Wenzetu wa Eldoret wako juu ya ikweta, wasikopi hizi za kwetu, Arc 1960 yao kaskazini kwa zoni 36 ni 21096.

Ukikosea, mahali kitu kilipoangukia panakuambia umekosea nini, na mimi huwa naangalia hapo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Bikoni yako hiyo ukiipa 32736 itatua porini kusini ya Tabora, zaidi ya kilomita 660 kutoka Kibaha, hiyo ni zoni. Ukiipa 32637 inaenda bahari ya Aktiki, umechagua kaskazini. Ukiipa 3857, ile ya ramani za mtandaoni, inaingia baharini nje ya Norway, na usidanganyike kwamba eti nayo ni mita. Na kama ungekuwa na digrii, 38.92 na -6.77, ukazigeuza X ikakaa kwenye Y, unajikuta Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Makosa ya hivi hayana shida kwasababu unayaona mara moja.

Shida ni hilo lako, kitu kimekaa mtaa uleule ila pembeni. Hapo zoni iko sawa, datum ndo siyo. Arc 1960 inatumia umbo la dunia la Clarke 1880 na kitovu chake hakilingani na cha WGS 84, kwahiyo namba zilezile zinaashiria sehemu mbili tofauti ardhini. Kwa ukanda wa Kibaha, namba za Arc 1960 ukizisoma kama 32737 kiwanja kinasogea kama mita 300 kaskazini na mita 90 na kitu magharibi. Pima kwa rula ya QGIS kutoka kinapoonekana mpaka kilipo kweli, ukikuta umbali huo na upande huo basi hakuna haja ya kubishana. Ukikuta mita 5 au 10 tu hilo ni suala jingine, mara nyingi picha ya satelaiti yenyewe imekaa upande. Na soma pembeni ya ramani yako, wakati mwingine datum wameiandika pale na watu wanapita tu.

Kitu kingine kinachowaumiza watu: QGIS ina Set Layer CRS na ina Reproject Layer, na havifanyi kazi moja. Ukiwa na noti ya 5000 ya Tanzania, kuiandikia "Kenya" hakuifanyi iwe shilingi ya Kenya, inabidi uibadilishe. Set inaandika jina tu, namba hazijaguswa. Reproject ndo inabadilisha namba. Kwahiyo wakati wa kuingiza, kwenye Geometry CRS weka 21037 kwasababu ndo ukweli wa namba zako (na X field iwe E, kuna ramani zinaanza kuandika N), ukitaka kuzipeleka kwenye GPS ndo unazihifadhi kama bikoni.shp alafu unabadilisha kwenda 32737:

```
ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:32737 mpya.gpkg bikoni.shp
```

Ile bikoni itatoka takriban E 491295 na N 9251100. Ikitoka vilevile ilivyoingia, ulibadilisha jina tu.

Ukitaka eneo la kiwanja, kaa kwenye UTM. Kwa 3857 hekta moja ya Kibaha ukihesabu kwa mita za ramani inasomeka karibu asilimia 2 zaidi, na ukienda Ulaya ya kaskazini inazidi hata mara nne.

Alafu QGIS inaweza kukuletea kidirisha cha kuchagua njia ya kubadilisha Arc 1960 kwenda WGS 84, kuna ya Kenya na Tanzania pamoja na kuna ya Tanzania peke yake. Zinatofautiana mita kadhaa na zote ni za makadirio, kwahiyo zinakutosha kuona kiwanja kiko wapi kwenye picha, ila bikoni iliyopotea usiitafute nayo ukachimba kwenye mpaka wa jirani, hapo muite mpima aanzie kwenye bikoni za zamani zilizobaki.