Picha nne zinatosha: kupanga jaribio la tangazo bila kuchoma pesa za mteja

Mteja wangu wa kwanza wa matangazo ya Facebook alikuwa fundi wa majiko hapa Kisumu, mwenye karakana si mbali na soko la Kibuye. Alinipa shilingi 8,000 za kulipia matangazo, nami nikaamua kumfurahisha kwa wingi. Jioni moja niliketi na programu ya kutengeneza picha kwa akili mnemba, nikainuka na picha 24. Moja ilikuwa na mama jikoni, nyingine kijana uani, nyingine jua likizama ziwani na jiko likiwaka ufukweni. Nilizipakia zote. Baada ya wiki moja picha ya kijana ikaongoza, na fundi akaniuliza swali la haki kabisa: "Sasa dada, ni kijana waliyempenda, ni ule ukuta wa samawati, ama ni vile jiko limekaa karibu?"

Sikuwa na jibu. Picha ile ilitofautiana na zingine kwa mambo sita kwa wakati mmoja. Baadaye nilipokaa na kalamu niligundua jambo baya zaidi: pengine hata haikuwa imeshinda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ningependa uifanye kabla hujafungua programu yoyote ya picha. Kwa mteja huyu, tangazo kuonekana mara 1,000 lilitugharimu kama shilingi 120. Kwa hiyo shilingi 8,000 zilinunua kuonekana mara 66,000 hivi. Gawanya kwa picha 24, kila moja inapata kama 2,800. Kati ya watu mia moja walioliona tangazo lake, mmoja tu ndiye aliyekuwa akibofya, kwa hiyo kila picha ilitarajiwa kubofywa mara 28. Sasa chukua kipeuo cha pili cha 28, ambacho ni kama 5, ukizidishe mara mbili: 10. Maana yake, bahati inaweza kuisogeza kila moja kwa kama 10 juu au chini, na picha mbili zenye nguvu sawa kabisa zinaweza kumaliza wiki, moja ikiwa na 20 na nyingine 36, kwa bahati tu. Kijana wangu alikuwa na 37. Ukishindanisha picha 24, lazima mojawapo itakaa juu hata kama zote ni sawa, na wewe utaishangilia.

Pesa hizo hizo ukizigawanya kwa picha nne, kila moja inaonekana mara 16,600 hivi na kubofywa mara 166. Bahati sasa inaweza kuisogeza kwa 26 juu au chini, na 26 kati ya 166 ni sehemu ndogo kuliko 10 kati ya 28. Hapo tofauti ya kweli huanza kuonekana. Kwa hiyo ukubwa wa kundi la picha huamuliwa na pesa za mteja. Usiache programu ikuamulie kwa sababu tu inaweza kukutolea picha mia kabla chai haijapoa.

Lakini nne zipi? Hapa ndipo wageni wa kazi hii wengi huteleza, na mimi niliteleza mara ya pili. Nilidhani nne ni vitu vinne tofauti. Ukweli ni kwamba prompti moja, yaani yale maelezo unayoiandikia programu, haitoi picha moja. Ukiituma mara kumi utapata picha tofauti kila mara, na kati ya hizo kuna iliyokaa vizuri na kuna iliyopooza. Ukilinganisha picha moja ya mama na picha moja ya kijana, hujalinganisha mama na kijana; umelinganisha picha mbili tu. Ndiyo maana siku hizi kila wazo nalitengea picha mbili, ambazo mimi huziita ndugu: prompti ile ile, iliyotumwa mara mbili. Mawazo mawili, ndugu wawili wawili, picha nne. Ndugu wakikaribiana na mawazo yakiachana, una jibu. Ndugu wenyewe wakiachana sana, tofauti iko ndani ya picha na si kwenye wazo, na hapo hujajifunza bado.

Na hao ndugu usiwachague kwa jicho la mapenzi. Mimi huweka sheria kabla ya kuanza: nachukua mbili za kwanza zisizo na kasoro. Kasoro ni vidole sita, jiko lililopinda, maandishi ya ajabu ukutani. Usipojiwekea sheria, wazo unalolipenda utalitafutia picha nzuri kati ya thelathini, na lile jingine utaliachia ya tatu iliyotokea.

Sasa tuje kwenye prompti. Mimi huigawa sehemu: tukio, yaani kinachotendeka, mtu, mahali, mwanga, umbali na pembe ya kamera, na mtindo wa rangi. Kundi moja hubadilisha sehemu moja, zilizobaki zinakaa neno kwa neno kama zilivyo. Kwa jaribio la pili la fundi, kiolezo kilikuwa hiki:

```
[TUKIO], courtyard of a rural Kenyan home, red earth,
midday shade, eye level, medium shot --ar 4:5
```

Sehemu ya mwisho, `--ar 4:5`, ni amri ya programu ya picha ya Midjourney ya kupanga umbo la picha, upana minne kwa urefu mitano. Mahali pa `[TUKIO]` niliweka mojawapo ya hizi mbili, ya pili ikiwa na mistari miwili:

```
a tin can heaped with charcoal next to a stove
a woman stirring thick white ugali in a wide
aluminium pot with a flat rim and no handles
```

Wazo la kwanza lilikuwa kuokoa makaa: jiko na mkebe mmoja wa makaa kando yake. La pili lilikuwa mapishi: mama akisonga ugali. Yale maneno kuhusu sufuria kukosa vishikio hayako pale kwa urembo. Ukisema sufuria tu, programu hukuletea ile yenye mkono mrefu ya watu wa ng'ambo, na hakuna mama wa Kondele atakayeamini kwamba ugali wa watu wanane umesongwa humo. Ugali wenyewe usipoutaja kuwa ni mzito na mweupe hutoka kama viazi vilivyopondwa.

Kwa nini nilianza na tukio, na si mwanga? Kwa sababu mteja anaiona picha kwenye simu ndogo, kidole kikiwa kinapandisha ukurasa. Nina kipimo changu: napunguza picha mbili hadi upana wa kidole gumba, naweka simu mwisho wa mkono, namuuliza aliye karibu kama anaona tofauti. Mwanga wa asubuhi na mwanga wa saa kumi jioni hazipiti. Majina ya lenzi ndiyo kabisa, ni ya kutufurahisha sisi tunaoandika prompti. Tukio hupita, mtu hupita, ukaribu wa bidhaa hupita. Hizo ndizo za kulipia kwanza. Mwanga na rangi zisubiri mteja mwenye mfuko mkubwa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakibadiliki kwenye kundi lolote, nacho ni bidhaa. Jiko la fundi lina kiuno chembamba katikati, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Programu ililichora kila mara kwa namna yake: mara vishikio vitatu, mara miguu minne, mara ndoo kabisa. Mbali na kuvuruga jaribio, huo ni uongo kwa mnunuzi. Kwa hiyo tulipiga picha jiko halisi kwa simu, kwenye kivuli, kwa usawa wa macho, halafu ndani ya programu nikalifunika lisiguswe, nikaiacha ichore mazingira tu. Wengine watakwambia utumie namba ile ile ya `seed`, yaani namba ambayo programu huanzia kuchora, ili picha zifanane. Inasaidia kidogo, lakini ukibadilisha maneno machache tu mpangilio wote unaweza kuhama. Kulifunika jiko ndiko kunakolilinda. Bei na jina nayo niliandika mwenyewe baadaye, herufi zile zile, kona ile ile. Usimwachie mchoraji huyu maandishi.

Majina ya faili niliyaweka `K2_mkebe_1`, `K2_mkebe_2`, `K2_ugali_1`, `K2_ugali_2`. K2 ni kundi la pili. Utajishukuru siku utakapofungua ripoti.

Wakati wa kupakia, usiziweke nne hizo kwenye seti moja ya matangazo ukadhani zitagawana sawa. Mfumo huanza mapema kuipendelea moja na kuimwagia pesa, nyingine zinabaki na makombo. Tumia sehemu ya jaribio la A/B, ambayo hugawa watu kwa makundi yasiyoingiliana. Acha siku saba kamili, na usiangalie kila asubuhi kama mtu mwenye kuku atagaye. Siku ya pili picha moja ya ugali ilikuwa inaongoza kwa mbali, na fundi akanipigia akitaka tuzime zingine. Nilimwomba, "Mzee, nipe mpaka Jumapili."

Jumapili hesabu ilikuwa hivi: mkebe wa kwanza 243, mkebe wa pili 229, ugali wa kwanza 171, ugali wa pili 150. Ndugu walikaa karibu karibu, mawazo yakaachana. Mkebe ulipata 472, ugali 321, na kila upande ulikuwa umeonekana mara sawa. Nikafurahi, nikamtumia fundi.

Yeye hakufurahi. Alikuwa akijibu jumbe za WhatsApp za waliobofya wiki nzima, akajua jambo ambalo ripoti haikuonyesha. Nikaenda karakanani tukazipitia jumbe moja moja kwenye simu yake iliyojaa vumbi la udongo. Waliouliza bei ya jiko kutoka upande wa mkebe walikuwa 31, upande wa ugali 29. Ni sawa tu. Waliobaki wa upande wa mkebe walikuwa wameandika, mmoja baada ya mwingine, "Makaa ni pesa ngapi?", "Mnaleta Nyalenda?", "Gunia zima je?"

Mkebe ulikuwa umeshinda kwa kuuza kitu ambacho fundi hauzi. Nilipoitazama picha upya nikaona makaa yako mbele, meusi na mengi, na jiko liko nyuma yake kidogo. Tangu siku hiyo safu ya mwisho kwenye jedwali langu ni idadi ya walioulizia bidhaa yenyewe, na huihesabu na mteja tukiwa tumeketi pamoja, kwa sababu kubofya huja kwa wingi na haraka lakini kunaweza kuwa kwa ajili ya kitu kingine.

Kundi la tatu lilibakisha mkebe katika picha zote nne. Kilichobadilika ni ukaribu tu: mbili jiko likiwa mbele na limejaza nusu ya picha, mbili likiwa sawa na mkebe. Fundi mwenyewe ndiye aliyeomba makaa ndani ya mkebe yapunguzwe hadi nusu. Nilimkatalia, kwa sababu hilo lingekuwa badiliko la pili. Nimeliandika kwa K4.